Jukwaa la Kukodi na Mstari Wake Kwenye Ratiba ya Ujenzi

Chukua ratiba ya mkandarasi mdogo yeyote, iwe imetengenezwa kwenye kompyuta au imechorwa kwa rula na kubandikwa ukutani kwenye banda la saiti. Utakuta kuchimba msingi, kumwaga zege, kujenga kuta, kupaua, lipu na rangi, kila kazi na tarehe yake ya kuanza na ya kumaliza. Sasa litafute humo jukwaa la mabomba ya chuma ambalo mafundi wanasimama juu yake wakipiga lipu. Mtafute foremani anayewasimamia. Mara nyingi hutawaona, na wakiwapo, wamewekewa mstari mmoja wenye tarehe zilizoandikwa siku ya kwanza na kuachwa hivyo hivyo mpaka mwisho.

Hapo ndipo fedha zinapovujia. Jukwaa la kukodi linalipiwa kwa siku, na mwenye mali haulizi kama siku hiyo lilipandwa au lilisimama tu. Kazi zikisogea na mstari wa jukwaa usisogee, ratiba itaendelea kuonyesha gharama ya zamani hadi ankara ifike.

Ugumu unatoka kwenye asili ya kitu chenyewe. Lipu ina urefu wake: ukijua ukubwa wa ukuta na idadi ya mafundi, unaweza kukadiria kuwa itachukua siku 12. Jukwaa halina urefu wake. Linakaa saiti kwa sababu kazi fulani imeanza, na linaondoka kwa sababu kazi nyingine imekwisha. Ukiulizwa litakaa siku ngapi, jibu sahihi ni kwamba inategemea kazi hizo mbili. Usimamizi ni hivyo hivyo. Hakuna kipimo cha "kusimamia" kinachokwisha chenyewe baada ya wiki sita.

Wapangaji wa miradi wana aina ya kazi iliyobuniwa kwa ajili ya hali hii. Hapa nitaiita kazi bembea. Fikiria kitanda cha kamba kilichofungwa kati ya minazi miwili: urefu wake ni umbali kati ya minazi hiyo. Kazi bembea haiandikiwi siku. Unaifunga upande mmoja kwenye mwanzo wa kazi ya kwanza inayoihitaji, na upande wa pili kwenye mwisho wa kazi ya mwisho. Ncha moja ikisogea, urefu unabadilika wenyewe na gharama inabadilika nao.

Tuichukue nyumba ya ghorofa mbili iliyopo Dar es Salaam, imeshapauliwa, sasa inamaliziwa kwa nje. Tarehe na bei ni za mfano, lakini hesabu ni ile ile utakayoikuta saiti. Mafundi wanafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Jukwaa linashushwa na kuanza kufungwa Jumatatu, Juni 1, 2026, na kulifunga kunachukua siku 3. Lipu ya nje inafuata kwa siku 12, kuanzia Juni 4 hadi 17. Kisha fremu za madirisha ya alumini, siku 5, zinakwisha Juni 23. Rangi ya nje ni siku 8, kuanzia Juni 24 hadi Julai 2. Mwisho jukwaa linafunguliwa na kurudishwa kwa mwenyewe, siku 2, hadi Jumamosi, Julai 4.

Ukijumlisha siku za kazi unapata 30. Kwa kodi ya shilingi 60,000 kwa siku, mtu mwenye haraka ataandika 1,800,000 na kuendelea na mengine. Lakini mwenye jukwaa anahesabu Jumapili pia, maana siku hiyo mabomba yake yapo kwako, si stoo kwake. Kuanzia Juni 1 hadi Julai 4, siku zote zikiwemo, ni siku 34. Bei halisi ni 2,040,000. Tayari kuna pengo la 240,000 kabla hakuna kitu chochote kilichoharibika, na limetokana na Jumapili nne tu.

Kwa hiyo kazi bembea ya kitu cha kukodi iwe na kalenda yake ya siku saba, hata kama kazi zote inazozishikilia zinafuata kalenda ya siku sita. Naliona hili kuwa jambo la kwanza kukagua kwenye ratiba yoyote yenye vifaa vya kukodi, na ndilo linalosahaulika kuliko yote, kwa sababu programu ya kompyuta hukipa kila mstari mpya kalenda ya mradi bila kuuliza.

Sasa tuiharibu ratiba kidogo. Lipu imekwisha Juni 17 kama ilivyopangwa, lakini fundi wa alumini anapiga simu kusema fremu zitachelewa kwa siku 6 za kazi. Fremu zitaanza kufungwa Alhamisi, Juni 25, na kwisha Juni 30. Rangi inaanza Julai 1, inaikuta Saba Saba katikati, ambayo ni sikukuu, na inakwisha Ijumaa, Julai 10. Jukwaa linafunguliwa Julai 11 na kurudishwa Jumatatu, Julai 13.

Hesabu upya. Juni 1 hadi Julai 13 ni siku 43. Siku 6 za kuchelewa zimezaa siku 9 za kulipia, kwa kuwa njiani zimeingia Jumapili mbili na Saba Saba. Kodi imepanda kutoka 2,040,000 hadi 2,580,000, yaani nyongeza ya 540,000. Mtu asiye na kazi bembea angezidisha siku 6 kwa 60,000, akapata 360,000, na kudhani ameona hasara yote.

Namba hiyo ya 540,000 ina kazi kubwa kuliko kutabiri ankara. Inakwambia uko tayari kulipa kiasi gani ili fremu zisichelewe. Fundi wa alumini akiomba 200,000 ili vijana wake wafanye kazi usiku na kuleta fremu kwa wakati, mlipe na ushukuru. Akiomba 700,000, jukwaa peke yake halitoshi kuhalalisha malipo hayo, labda kama kuna gharama nyingine zinazokimbia pamoja nalo, kwa mfano mshahara wa foremani.

Inajibu pia swali ambalo mwenye nyumba hupenda kuuliza: kwa nini tusilirudishe jukwaa kwa muda huo halafu tulikodi tena? Kulifungua na kulirudisha ni siku 2, kulifunga upya ni siku 3. Siku 5 kati ya 6 za kusubiri zitaliwa na kazi ya kufunga na kufungua, na bado hujalipa gari la kwenda na kurudi. Kwa pengo la siku 6 haifai. Kwa pengo la wiki nne ingefaa kufikiriwa, na hapo unaweka kazi bembea mbili tofauti, moja kwa kila kipindi, badala ya moja ndefu inayopita juu ya siku ambazo jukwaa halipo.

Wengi wanaofanya kazi hii hawana programu ya kupangia miradi, wana Excel. Inatosha. Weka majina ya kazi tano kwenye safu A kuanzia mstari wa 2, idadi ya siku kwenye B, tarehe ya kuanza kwenye C, ya kumaliza kwenye D. Tarehe za sikukuu ziorodheshe pembeni, kuanzia H2 hadi H5. Andika kwa mkono tarehe moja tu, ile ya C2. Kumaliza kwa kazi ya kwanza, kuanza kwa ya pili, na hatimaye mstari wa jukwaa, vinapatikana hivi:

```
D2:  =WORKDAY.INTL(C2-1,B2,11,$H$2:$H$5)
C3:  =WORKDAY.INTL(D2,1,11,$H$2:$H$5)

C8:  =MIN(C2:C6)
D8:  =MAX(D2:D6)
E8:  =D8-C8+1
F8:  =E8*60000
```

Namba 11 inaiambia Excel kwamba siku ya mapumziko ni Jumapili peke yake. Fomula za D2 na C3 zinanakiliwa kushuka chini hadi kazi ya tano. Fremu zikichelewa siku 6, badilisha ile 1 ya kwenye C4 iwe 7, na mstari wa 8 utasogea wenyewe. Ile +1 kwenye E8 isiachwe: siku ya kushusha jukwaa na siku ya kulirudisha zote zinalipiwa, na kutoa tarehe kwa tarehe kunaipoteza moja. Angalia pia kwamba mstari wa 8 hautumii WORKDAY.INTL kabisa. Unahesabu siku za kalenda, kwa hiyo Jumapili na Saba Saba zimo.

Wanaotumia Microsoft Project watashangaa kuwa haina aina maalumu ya kazi bembea. Njia iliyozoeleka ni kunakili seli ya Start ya kazi ya kwanza, kwenda kwenye seli ya Start ya mstari wa jukwaa, kisha kuchagua Paste Special na Paste Link. Halafu unafanya vivyo hivyo kwa Finish ya kazi ya mwisho. Anza na Start, ndipo ufuate Finish. Kalenda ya siku saba unaiweka kwenye Task Information, ukurasa wa Advanced. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mtu akija baadaye na kuandika tarehe kwa mkono juu ya seli ile, kiungo kinakatika, na mstari unarudi kuwa tarehe mfu kama zamani. Kwa hiyo kila unaposogeza kazi, tupa jicho kwenye mstari wa jukwaa uone kama nao umesogea.

Primavera P6 imelitengea jambo hili aina yake ya kazi, inayoitwa Level of Effort. Unaifunga kwa uhusiano wa mwanzo kwa mwanzo na kazi ya kwanza, na wa mwisho kwa mwisho na kazi ya mwisho, kisha unaipa kalenda yake.

Kuna swali litakalokukuta kwenye programu yoyote: kazi ya mwisho ni ipi? Katika mfano wetu kazi zinafuatana kwa mstari mmoja, hivyo jibu liko wazi. Lakini tuseme wakati rangi inapakwa, fundi bomba naye anafunga mabomba ya maji ya mvua juu ya jukwaa hilo hilo. Leo rangi ndiyo inayochelewa kwisha, kesho huenda ikawa mabomba. Ukiifunga kazi bembea kwenye rangi na mabomba yakachelewa, ratiba itasema jukwaa limeondoka huku fundi bomba bado yuko juu yake. Ninachopendelea ni kuweka tukio lisilo na siku, liite "jukwaa halihitajiki tena", linalotokea pale rangi na mabomba vyote vimekwisha. Kulifungua jukwaa kufuate tukio hilo. Kwenye Excel, fomula ya MAX inaokoa mstari wa 8, lakini kuanza kwa kazi ya kufungua ni lazima nako kusubiri ile iliyochelewa kati ya hizo mbili.

Mpaka hapa msomaji aliyewahi kutengeneza ratiba atauliza: mbona tayari kuna kazi kuu? Kazi kuu ni ule mstari mnene unaobeba kazi ndogo chini yake, kama "Msingi" au "Umaliziaji", nao huanza na kazi ndogo ya kwanza na kwisha na ya mwisho. Unafanana sana na kazi bembea, na watu wengi huuning'iniza ukodishaji hapo hapo. Hili ndilo kosa ghali kuliko yote ninayoyajua katika eneo hili.

Rudi kwenye nyumba yetu. "Umaliziaji" una lipu ya nje na rangi ya nje, lakini una pia dari, vigae, umeme, makabati ya jikoni na rangi ya ndani. Tuseme mambo yote hayo yanakwisha Jumamosi, Agosti 15. Ukiliweka jukwaa kwenye kazi kuu hiyo, programu italihesabia kuanzia Juni 1 hadi Agosti 15, yaani siku 76, sawa na shilingi 4,560,000. Ni zaidi ya mara mbili ya gharama halisi. Na kila mtu akiongeza kazi ndogo chini ya "Umaliziaji", hata kubadilisha vitasa vya milango, jukwaa linaongezewa siku pasipo mtu kukusudia.

Basi unaweza kusema utatengeneza kazi kuu mpya, "Jukwaa", na kuhamishia humo zile kazi tano tu. Itafanya kazi kwa kitu kimoja. Tatizo linaanza ukikodi cha pili. Kuna winchi ya kupandishia mchanga na saruji, inayohitajika kwa lipu ya nje na ya ndani lakini si kwa rangi. Lipu ya nje haiwezi kukaa chini ya kazi kuu mbili kwa wakati mmoja. Kazi bembea haina shida hiyo, kwa sababu haimiliki kazi yoyote. Unaweza kuwa na bembea tatu zinazopita juu ya lipu ile ile, kila moja na ncha zake.

Hata hivyo kazi kuu ina mahali pake. Mlinzi wa saiti anaanza siku mnapokabidhiwa kiwanja na kuondoka siku mnapokabidhi jengo. Huyo muda wake ni mradi mzima, na kumfuatisha na mstari wa juu kabisa ni sahihi. Foremani wa msingi ambaye kazi yake inaanza na uchimbaji na kwisha na zege la mwisho la msingi anaweza kufuata kazi kuu ya "Msingi" bila madhara, mradi chini ya mstari huo hakuna kazi asiyoisimamia. Primavera ina aina ya kazi kwa hali hii pia, WBS Summary, inayojinyoosha juu ya kazi zote za fungu lake bila kufungwa kwa uhusiano wowote. Swali la kujiuliza ni moja: je, mtu huyu au kifaa hiki kinahitajika kwa kazi zote zilizo chini ya mstari huu, na kwa hizo tu? Kama jibu si ndiyo, tumia bembea.

Kwa msimamizi kuna la kuongeza. Mhandisi anayezungukia saiti tatu hayupo kwako wiki nzima, kwa hiyo bembea yake ibebe theluthi ya muda wake, si muda wote. Na kama analipwa kwa mwezi, kuchelewa kwa siku 2 kunakovuka mwisho wa mwezi kunaweza kukugharimu mshahara wa mwezi mzima. Soma mkataba wake kabla hujaandika bei ya siku kwenye ratiba.

Kazi bembea ina hatari mbili zinazojificha. Ya kwanza inahusu ripoti za maendeleo. Jioni ya Juni 24 katika mfano wetu, jukwaa limekaa siku 24 na limeshakula 1,440,000. Ikiwa mstari wake haujasogezwa, ripoti itasema umekamilika kwa asilimia 71, yaani siku 24 kati ya 34. Lakini kazi zenyewe zimetimiza siku 15 tu kati ya 30, nusu, na mafundi wanasubiri fremu. Bembea hukamilika kwa kupita kwa wakati peke yake. Haijui kama kuna lipu iliyopigwa. Ukiijumlisha kwenye asilimia ya maendeleo ya mradi, itaipandisha juu hata siku ambayo hakuna aliyeshika mwiko, na mradi wenye usimamizi mwingi na vifaa vingi vya kukodi utaonekana unakwenda vizuri wakati umesimama. Maendeleo yapimwe kwa kazi zinazoacha kitu ukutani, na bembea zibaki kwenye hesabu ya gharama.

Ya pili ni kuiruhusu bembea iamue tarehe za wengine. Tangu wataalamu wa kampuni za DuPont na Remington Rand walipoanza mwaka 1957 kubuni njia ya kutafuta mlolongo wa kazi unaoamua siku ya kumaliza mradi, thamani ya ratiba imekuwa katika kujua ni kazi zipi ukizichelewesha unachelewesha kila kitu. Jukwaa halimo katika mlolongo huo. Linafuata, haliongozi. Kwa hiyo pasiwe na kazi yoyote inayosubiri bembea iishe. Kufunga jukwaa na kulifungua ni kazi za kweli zenye siku zake, na hizo zinaweza kuzuia nyingine, lakini mstari wa ukodishaji hauzuii chochote. Kujaribu ni rahisi: hifadhi nakala ya ratiba, futa bembea zote, na utazame tarehe ya mwisho ya mradi. Ikisogea hata siku moja, kuna bembea iliyofungwa vibaya. Usishtuke lakini ukiona bembea inayofika hadi siku ya mwisho ya mradi imepakwa rangi nyekundu kama kazi ya hatari. Programu inaipaka hivyo kwa sababu haina siku ya ziada mbele yake. Iondoe kwenye orodha unapotafuta kazi za kuharakishwa, kwa kuwa huwezi kuharakisha ukodishaji.

Kabla ya kusaini mkataba wa kukodi, muulize mwenye mali mambo manne na uyaandike kwenye mstari ule ule wa ratiba: kodi inaanza gari linapotoka stoo kwake au linaposhusha saiti, Jumapili na sikukuu zinahesabiwa au hazihesabiwi, kodi inasimama siku unapopiga simu kusema umemaliza au siku mabomba yanapofika kwake, na kama kuna kiwango cha chini cha siku utakazolipia hata ukimaliza mapema. Majibu hayo ndiyo yanayokuambia ncha za bembea yako zifungwe wapi na ifuate kalenda gani.